Sabuni Isiyo na Karato

Miye Berthe ni mutu wa maneno mingi, soko nzima ya Kashikishi inajua. Lakini mutu akisimama mbele ya meza yangu na karatasi mukononi, akaniuliza "unauza ngapi kwa mwezi?", ninasema kidogo. Hivyo ndivyo tunafanya hapa kando ya ziwa, upande wa Zambia, Wacongo na Wazambia sawasawa. Mutu wa karatasi anaweza kuwa wa ushuru, anaweza kuwa wa idara ya samaki, anaweza kuwa wa uhamiaji. Ukisema kumi, kesho utalipishwa ya kumi. Ukisema mbili, anakuonea huruma, anaenda kwa jirani. Mama yangu alinifundisha hivyo kule Pweto, upande wa Congo, ningali mutoto wa kubeba sahani ya mandazi kichwani, na sijawahi kujuta, ila mara moja.

Ilikuwa Februari ya mwaka 1998. Ziwa lilikuwa limefungwa. Kuanzia Desemba mupaka mwisho wa Februari serikali inakataza kuvua, ili samaki wazae, na miezi hiyo sisi wote tunakuwa na hasira na woga. Doria zinapita, wavuvi wanajificha, na kila mutu musafi anayetoka boma ya Nchelenge tunamuangalia kama nyoka amejitokeza jikoni. Basi siku moja nikaona musichana anakuja katikati ya meza: blauzi nyeupe, viatu vya kufunga, ubao wa kuandikia kifuani, kalamu mbili. Nikajisemea, Mungu wangu, leo ni zamu yetu.

Kumbe alikuwa Mapalo, binti ya jirani yangu wa nyuma ya kanisa, aliyekuwa anasoma chuo kule Ndola. Sikumutambua mara moja, chuo kilikuwa kimemunyoosha shingo. Alinipigia magoti kidogo vile Wabemba wanafanya, akasema, "Mutende mukwai, Mama Berthe. Niko na maswali ya sabuni."

"Sabuni? Nani amekutuma, mutoto wangu?"

Alinieleza. Alikuwa anafanya sitaji, mafunzo ya kazi ambayo Wazambia wanaiita atachimenti, katika kampuni ya Ndola inayotengeneza sabuni ya kufulia, ile miche ya manjano inayoitwa Kasuba. Kampuni ilikuwa inauza kwa matajiri wa Mansa tu. Sasa walitaka kujua kama inafaa kufungua depo hapa Nchelenge: watu wa ziwa wanatumia sabuni ngapi, ya nani, na kwa nini. Yeye alipewa kazi ya kuandika ripoti fupi, kurasa mbili, si zaidi. Mukubwa wake, Ba Katongo wa ofisi ya Mansa, angekuja kuichukua Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Niliyasikia yote hayo, na bado masikio yangu yalisikia karatasi tu. Aliniuliza karato, yaani maboksi, ngapi za Kasuba kwa mwezi. Nikasema moja. Za sabuni ya kijani, ile ya Tanzania? Nikasema moja, mara ingine hakuna. Sabuni ingine yoyote? Nikasema, "Awe, hakuna, mutoto wangu, biashara imekufa." Aliandika kila neno, akasema aksanti, akaenda kwa jirani, na jirani akamupa uongo kama wangu. Tulicheka kidogo akiisha kupita. Leo ninaona haya ya kicheko kile.

Jumanne ya wiki ya mwisho alikuja tena, bila ubao. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye gunia langu la chumvi, akatoa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mukono muzuri, akasema, "Mama Berthe, nimusomee mutu mumoja kabla ya kupeleka kwa mupiga mashine ya kuandika. Mama yangu hajui mambo ya biashara, weye unajua."

Akasoma. Ripoti ilianza na swali la kampuni, halafu namna alivyofanya: wachuuzi makumi tatu na moja, siku sita, maswali nane kwa kila mutu. Halafu washindani. Halafu hesabu: soko nzima ya Kashikishi na Nchelenge inauza karato makumi sita na ine kwa mwezi, sabuni zote pamoja. Na mwisho, pendekezo: depo isifunguliwe, soko ni dogo mno, lori halitalipa hata mafuta yake.

Makumi sita na ine! Miye mwenyewe na majirani zangu wawili tunamaliza hizo kabla mwezi haujafika nusu. Na depo hiyo niliitaka, jamani! Nimechoka kupanda minibasi ya Mansa na kurudi na karato kwenye magoti, dereva akinilipisha kama karato nayo ni abiria. Nimeitaka depo miaka mitatu, na depo ilipokuja kuniuliza kama iingie, nikaifungia mulango.

"Mama, ni mubaya?" Mapalo aliniuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ba Katongo alisema, kama ripoti ni nzuri na depo inafunguliwa, mutu wa kukaa hapa atakuwa miye. Lakini siwezi kuandika kile sikuona. Watu walisema hivi."

Sasa ningefanya nini? Kumuambia "tulikudanganya" ni kumuambia pia kwamba hesabu zetu ni ingine, na hesabu ingine ikiandikwa, itasomwa na nani? Nikapanga upya chumvi iliyokuwa imepangwa. Halafu nikaona anakunja ile karatasi nzuri kama ya kutupwa, na hasira ikanipanda, juu yangu mwenyewe.

"Mutoto, ulivaa nini siku ile?" nikamuuliza.

"Nguo zangu za chuo."

"Ulivaa kama mutu wa kodi. Ulikuja wakati ziwa limefungwa, na ubao, ukauliza mutu anauza ngapi. Hakuna mutu hapa atakuambia kweli. Hata miye sikukuambia."

Nilifikiri atalia, lakini alikasirika. "Mama Berthe! Hata weye? Unanijua tangu ninanyonya!"

"Hata miye. Nisamehe. Njia ya muongo ni fupi, leo nimefika mwisho wake. Sasa acha maneno ya vinywa. Simama, tuende kwa Kafula."

Kafula ni mwanamuke anayeuza karato tupu, nyumba yake iko nyuma ya meza zetu. Mugeni anaweza kucheka, lakini hiyo ni biashara. Samaki wakavu wote wanaokwenda Kitwe na Ndola wanafungwa ndani ya karato, na karato nyingi ni za sabuni, kwa sababu ni ngumu na zina mifuniko. Tukinunua sabuni, tunaitoa, tunaitia kwenye magunia ya plastiki ili isiloane ndani ya mutumbwi ikienda kisiwa chetu cha Kilwa na visiwa vingine vya ziwa, na karato tupu tunamuuzia Kafula. Na kwa sababu ziwa lilikuwa limefungwa, hakuna samaki wa kufunga. Karato za miezi mitatu zilikuwa zimesimama nyuma ya nyumba yake chini ya mabati, zimefika juu kuliko kichwa cha mutu, na kila moja imeandikwa jina la sabuni yake.

Mapalo alisimama mbele ya karato hizo mudomo wazi. Halafu akavua viatu.

Tulizihesabu Jumatano nzima. Kafula alinung'unika kwamba tunamuharibia mupango, lakini naye akaanza kuhesabu, maana alitaka kujua. Kasuba, mia mbili makumi kenda. Kijani ya Tanzania, mia tano na tano. Majina mengine madogo madogo, makumi sita na sita. Jumla mia nane makumi sita na moja kwa miezi mitatu, ndiyo kusema karibu mia mbili na makumi nane na saba kwa mwezi. Mapalo aliuliza maswali ambayo miye singefikiria: kuna karato zinazotoka nje ya muji? Kuna watu hawakuuzii, wanalalia au wanawashia moto? Kafula akasema za nje hazinunui, na zinazopotea zipo nyingi. "Basi hii ni hesabu ya chini," Mapalo akasema, "na ni ya miezi mibaya, watu hawana samaki wala feza. Nitaandika hivyo hivyo." Alikuwa na vumbi mupaka kwenye nyusi. Nilimupenda sana saa ile, na nilifikiri mambo yameisha.

Hayakuisha. Alhamisi asubui alikuja kwangu na vipande viwili vya sabuni ndani ya karatasi. Kimoja cha manjano. Kingine cha kahawia, mafuta mafuta, kisicho na jina.

"Nilipita mahali wanawake wanafua," akasema. "Sikuuliza kitu, nilikaa nikaangalia. Wanawake makumi mbili, na saba kati yao wanafua na hii. Haina karato. Kwa Kafula haipo. Wachuuzi makumi tatu na moja, hakuna aliyeitaja. Mama Berthe, hii inatoka wapi?"

Niwaambie ninyi inatoka wapi: inatoka kwa Brigitte, mudogo wangu, aliye Pweto, ng'ambo ya ziwa. Anapika sabuni ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, kwenye pipa nusu, na soda kali, na kuni, tangu bwana wake alipofariki. Anaikata kwa waya, anaitia kwenye magunia, na mutumbwi unaileta kwangu bila kupita kwenye biro yoyote ya forodha. Tuko wanawake watatu tunaoiuza upande huu. Inakatwa vipande vidogo kama kiberiti, na mwanamuke asiye na feza analeta sahani ya chisense, vidagaa vya ziwa letu, anapewa kipande. Watoto wa Brigitte watatu wanasoma na sabuni hiyo. Mushindani wa Kasuba ambaye Mapalo alikuwa anamutafuta wiki tatu alikuwa amekaa mbele yake anauza chumvi.

"Haiko nyingi," nikasema.

"Mama."

Neno moja tu alisema, bila kelele. Afazali angenitukana.

"Ukiandika jina langu, polisi wa forodha watanikamata."

"Siandiki jina la mutu. Chuo kinatufundisha hivyo: mutu akikuambia kitu kwa siri, jina lake linabaki kwako. Lakini nikiandika washindani bila huyu, nitaandika uongo, na mara hii nitakuwa ninajua."

Nikamuambia. Magunia makumi tatu kwa mwezi, sisi watatu pamoja. Gunia moja ni kama karato ine. Alipiga hesabu kwenye mukono wake na akafumba macho: mia moja na makumi mbili. Kasuba ilikuwa makumi kenda na saba tu. Sabuni ya mudogo wangu ilikuwa inaishinda sabuni ya kiwanda! Nilitaka kucheka na kutapika pamoja. Sasa aliuliza kwa nini watu wanaipenda, nami, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki, nikamueleza yote: kwamba inakatwa, kwamba inabadilishwa na samaki, kwamba haiishi upesi. Alikwenda posta kupima vile vipande kwenye mizani ya barua, akarudi akikimbia. "Mama Berthe, kwa uzito yenu ni ya bei kubwa kuliko Kasuba! Watu wanalipa zaidi, kwa sababu wanaweza kununua kidogo!" Alikuwa na furaha kama mutu aliyeokota kitu njiani. Hakuona kwamba kitu hicho ni changu.

Ripoti ilipigwa mashine boma siku ile ile, na pendekezo jipya: depo ifunguliwe, lakini sabuni ikatwe vipande vidogo. Kurasa mbili. Miye sikulala vizuri, na sikula. Nilijiuliza kama niende nimuombe afute mistari ya sabuni yetu. Nilifika mupaka kwenye lango lao, nikasikia anamusomea mama yake kwa Kibemba, sauti ya juu, nikarudi.

Ijumaa Ba Katongo alifika na pikapu ya kampuni. Mutu munene, wa heshima, shati la mikono mifupi. Alikataa kukaa boma, alitaka kuona karato kwa macho yake. Basi walisimama kwa Kafula, hatua kumi kutoka meza yangu, na nilisikia kila kitu. Alisoma ukurasa wa kwanza akitingisha kichwa kwa kukubali. Ukurasa wa pili alisimama.

"Mushindani wa pili, sabuni ya mafuta ya ngazi isiyo na jina, karibu karato mia na makumi mbili kwa mwezi. Nani amekupa hesabu hii?"

"Muchuuzi, bwana. Na niliona mwenyewe mahali wanafua, saba kwa makumi mbili."

"Muchuuzi gani?"

"Nimeahidi kutotaja."

"Mapalo," akasema, taratibu kabisa, "ukurasa wa kwanza umeandika wewe mwenyewe kwamba wachuuzi makumi tatu na moja walikudanganya. Sasa unataka nipeleke Ndola neno la mumoja, asiye na jina, tubadilishe namna ya kukata sabuni kiwandani? Watanicheka. Toa mistari hii. Sema sabuni za kienyeji zipo, hazijulikani ni ngapi."

"Nikitoa hiyo, bwana, pendekezo langu linaanguka. Watu hapa hawanunui muche muzima."

"Basi lianguke. Depo tutaona mwaka ujao. Karato mia mbili na kitu, na Kasuba tayari ya pili, hiyo si sababu ya kuhamisha lori."

Mapalo aliangalia chini. Hakuangalia upande wangu. Kama angeniangalia, hata mara moja, ningekasirika na ningebaki nimekaa, ninajijua. Lakini alikunja mikono nyuma, akasema, "Ndiyo, bwana," na nikaona kidole gumba kinasugua kidole kingine, kinasugua, kinasugua.

Nilisimama.

"Ni miye," nikasema. "Bonjour, monsieur. Sabuni hiyo ni yangu."

Ba Katongo aligeuka. Nilitoa gunia kutoka chini ya meza, nikalifungua mbele yake. Nikamuambia magunia kumi na mbili kwa mwezi mukono wangu, kumi na nane mikono ya wenzangu, na majina yao sitamupa hata akileta pasta wa kanisa. Nikamuonyesha waya. Mwanamuke mumoja alikuja wakati huo huo na sahani ya chisense ya akiba, nikamukatia kipande, akaenda zake. Ba Katongo aliangalia sahani, akaangalia kipande, akachukua kalamu na kuandika kitu pembeni ya ripoti. Aliniuliza maswali saa nzima. Nilijibu yote kweli tupu, na kila jibu lilinitoka kama jino.

"Aksanti, mama," akasema mwisho. "Mambo ya forodha si kazi yangu. Ripoti inabaki vile ilivyo."

Mapalo alinikumbatia mbele ya soko nzima. Nililia, na watu walifikiri ni furaha.

Depo ilifunguliwa mwezi wa tano, karibu na barabara ya boma. Mapalo ndiye mwenye funguo. Kasuba inakuja sasa bila karatasi ya kufunga, na mistari mitano juu ya muche, unakata kwa kisu vipande sawasawa, na kipande ni rahisi kuliko changu na kinanukia vizuri. Wachuuzi wanakubali samaki kwa kipande. Yote hayo yalikuwa kwenye ukurasa wa pili. Mwezi wa sita niliuza magunia saba ya Brigitte. Mwezi wa saba, mawili.

Brigitte alivuka mwenyewe kuja kuona. Alifika na mukono wenye makovu ya soda, na tabasamu, na kipande cha kitenge kwa ajili yangu. Nilimupikia. Alipokula alitoa kwenye mufuko kipande cha Kasuba alichonunua njiani, akakiweka mezani.

"Yaya, dada yangu, hawa watu wa Ndola ni wachawi. Wanakata kama sisi. Wanabadilisha na samaki kama sisi. Wamejuaje? Nani aliwaambia?"

Kafula angeweza kuwa amewaambia. Wenzangu wawili wangeweza. Ziwa ni kubwa, na vinywa ni vingi, na yeye alikuwa tayari kuamini jina lolote ningelitaja.

"Miye," nikasema.

Aliniangalia kama hajasikia. Nikamueleza habari ya Mapalo, na kurasa mbili, na kidole gumba. Nilisema mutoto alikuwa karibu kuanguka. Nilisema nilitaka depo pia, hiyo nayo ni kweli, nilisema. Brigitte alisikiliza mupaka mwisho bila kunikatiza, yeye anayekatiza hata padiri.

"Na wangu?" akauliza. "Wangu watatu, Yaya, uliwafikiria saa hiyo?"

Nilimuambia hapana. Saa hiyo sikuwafikiria.

Alikunja kile kitenge alichoniletea, akakirudisha kwenye mufuko wake, akauliza mutumbwi wa Pweto unaondoka saa ngapi.